Kuongeza Moja, Kupunguza Moja na Kugeuza Alama

Kijumlishi nusu ni saketi yenye mageti mawili tu. Hupokea biti mbili na kutoa biti mbili: jumla, inayotoka kwenye geti la XOR, na biti ya kubeba, inayotoka kwenye geti la AND. Sifuri na sifuri hutoa sifuri. Sifuri na moja hutoa moja. Moja na moja hutoa sifuri, huku moja ikibebwa kwenda nafasi inayofuata kushoto.

Saketi hii haiwezi peke yake kujumlisha namba mbili zenye biti nyingi, kwa sababu kila nafasi baada ya ile ya kwanza hukutana na biti tatu kwa wakati mmoja: moja kutoka kila namba, na ile iliyobebwa kutoka kulia. Kazi hiyo hufanywa na kijumlishi kamili, ambacho hutengenezwa kwa vijumlishi nusu viwili na geti moja la OR, yaani mageti matano. Lakini iko kazi moja ambayo biti ya tatu haihitajiki kabisa, nayo ni kuongeza moja. Namba inayoongezwa ina moja kwenye nafasi ya kwanza na sifuri kwingineko kote, na sifuri haibadilishi jumla yoyote. Kila nafasi inabaki na biti mbili za kushughulikia, biti yake yenyewe na ile iliyobebwa, na kijumlishi nusu kinatosha.

Kiongeza-moja basi ni msururu wa vijumlishi nusu, kimoja kwa kila biti. Cha kwanza kulia hupokea A0 na moja isiyobadilika. Biti yake ya kubeba huingia kwenye cha pili pamoja na A1, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa biti 16 hilo ni mageti 32, wakati msururu wa vijumlishi kamili ungekula mageti 80. Mara nyingi ile moja ya mwanzo haifungwi moja kwa moja, bali huletwa na waya wa amri, C0. Waya ukiwa na moja, namba huongezeka. Ukiwa na sifuri, namba hupita kama ilivyo. Kwa njia hiyo saketi ile ile huongeza au huacha, bila geti la ziada.

Mtu akifuata msururu huo kwa makini ataona kwamba biti ya kubeba haifanyi hesabu yoyote nzito. Geti la AND la nafasi ya kwanza hutoa moja pale tu A0 ni moja. La pili hutoa moja pale tu A0 na A1 zote ni moja. La tatu huhitaji zote tatu. Kwa hiyo biti inayofika kwenye nafasi yoyote ni jibu la swali moja: je, biti zote zilizo chini yangu ni moja? Geti la XOR nalo hutii jibu hilo. Likiwa ndiyo, biti ya nafasi hiyo hugeuka, sifuri ikawa moja au moja ikawa sifuri. Likiwa hapana, biti hubaki vile vile. Mita ya kilometa kwenye gari hufanya kazi kwa kanuni hii, ambapo gurudumu la mamia husogea tu wakati ya makumi na mamoja yote yamefika tisa. Kanuni ya kiongeza-moja imeisha hapo, na mengine yote yanayofuata, pamoja na kupunguza na kugeuza alama, ni kubadilisha neno moja katika swali hilo.

Saketi ya biti nne inaweza kuundwa mezani kwa chipu mbili za bei nafuu, 74LS08 yenye mageti manne ya AND na 74LS86 yenye mageti manne ya XOR. Zote mbili zina miguu 14, umeme wa volti 5 ukiingia mguu wa 14 na ardhi ikiwa mguu wa 7. Mpangilio wa mageti ni ule ule katika zote mbili: miguu 1 na 2 huingiza na 3 hutoa, 4 na 5 huingiza na 6 hutoa, 9 na 10 huingiza na 8 hutoa, 12 na 13 huingiza na 11 hutoa. Kwa sababu hiyo kila kijumlishi nusu huchukua geti moja kutoka kila chipu kwenye miguu yenye namba zile zile, na waya zinazoingia kwenye AND huingia pia kwenye XOR. Ikiwekwa 0101 itoke 0110, ikiwekwa 0111 itoke 1000.

Makosa ya mezani huwa na sura zinazotambulika. Katika familia ya LS, mguu wa kuingiza ulioachwa bila waya kwa kawaida husomeka kama moja. Fundi aliyesahau kuunganisha C0 atapata saketi inayoongeza moja siku zote, hata anapodhani ameizima, na ataitafuta hitilafu kwenye mageti ilhali mageti ni mazima. Katika chipu za aina ya HC tatizo ni baya zaidi, kwani mguu ulioachwa wazi hudaka kelele za umeme na jibu hubadilika mkono ukipita karibu. Hitilafu nyingine ni waya wa kubeba uliokatika au uliofungwa kwenye sifuri. Tuseme ule unaotoka nafasi ya tatu kwenda ya nne umegusana na ardhi. Biti ya juu kabisa haitageuka kamwe. Namba 14 kati ya 16 zitatoa jibu sahihi. Ni 0111 tu itakayotoa 0000 badala ya 1000, na 1111 itakayotoa 1000 badala ya 0000. Mtu anayejaribu saketi kwa namba mbili tatu za kubahatisha ana nafasi kubwa ya kuipitisha ikiwa mbovu. Majaribio yenye maana kwa saketi ya aina hii ni yale ya 0001, 0011, 0111 na 1111, kwa sababu kila moja hulazimisha kubeba kufike nafasi moja mbele zaidi.

Kubeba huko huchukua muda. Geti la 74LS08 huhitaji kama nanosekunde 10 ili kutoa jibu baada ya kuingiziwa biti. Katika saketi ya biti 16, biti ya juu kabisa husubiri mageti 15 ya AND yapokezane, kisha XOR yake, na jumla hukaribia nanosekunde 160. Wakati huo wa kusubiri, yanayotokea kwenye nyaya za matokeo ni uongo mtupu. Chukua saketi ya biti nne iliyokuwa imewekwa 0110, ikionyesha 0111. Sasa A0 inageuka kuwa moja, na namba iliyowekwa ni 0111. Matokeo hayarukii 1000 papo hapo:

```
0111
0110
0100
0000
1000
```

Biti ya kwanza inageuka, habari inafika ya pili nayo inageuka, kisha ya tatu, na mwisho ya nne inawaka. Kwa nanosekunde chache saketi imesema sita, nne, na sifuri, na hakuna kati ya hizo iliyokuwa jibu. Anayesoma matokeo mapema atasoma moja ya hizo. Ndiyo maana matokeo ya kiongeza-moja hupelekwa kwenye rejista inayoyachukua kwa mpigo wa saa, na mpigo wenyewe huwekwa mbali kiasi cha kuuacha msururu mzima utulie.

Rejista hiyo nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Kaunta hupatikana kwa kurudisha matokeo ya kiongeza-moja kwenye rejista inayokilisha: rejista inashika namba, saketi inaongeza moja, mpigo ujao unaiandika tena. Ikiwa rejista ni ya aina inayobaki wazi kwa muda wote saa ikiwa juu, namba mpya hupita, huongezwa tena, hupita tena, na huzunguka mara nyingi kadiri kasi ya mageti inavyoruhusu. Kaunta huonekana kuruka ovyo, mara kwa tano, mara kwa saba. Dawa ni rejista inayoshika ukingoni, inayosoma mara moja tu saa inapopanda, kama 74LS175 yenye vishikio vinne vya biti. Hakuna waya wa kuongeza wala geti la kubadilisha litakaloponya kaunta hiyo kama rejista yenyewe ni ya aina isiyofaa.

Kuharakisha msururu ni kazi rahisi kuliko ilivyo kwa kijumlishi kamili, kwa kuwa swali ni la AND tupu. Biti inayoingia nafasi ya tano haihitaji kupitia nafasi nne moja moja. Geti moja pana linaweza kukusanya C0, A0, A1, A2 na A3 kwa pamoja na kutoa jibu mara moja. Wasanifu hugawa namba katika mafungu, kila fungu likiwa na geti lake la kuuliza kama biti zake zote ni moja, na habari huruka kutoka fungu hadi fungu. Katika kuhesabu kwa mfululizo, kwa kweli, safari ndefu ni nadra: nusu ya hatua hugeuza biti moja tu, robo hugeuza mbili, na wastani haufiki biti mbili kwa hatua hata namba iwe ndefu vipi. Lakini saa ya mashine haiwezi kupangwa kwa wastani. Hupangwa kwa ile siku 0111111111111111 itakapoingia.

Kupunguza moja kuna njia zaidi ya moja, na inafaa kuziona zikikutana. Njia ya kwanza ni ya kukopa. Nafasi ikiwa na sifuri na inadaiwa moja, inatoa moja na kupeleka deni kushoto. Ikiwa na moja, inalipa, inabaki sifuri na deni linaishia hapo. Geti la XOR linabaki pale pale; kinachobadilika ni AND, ambayo sasa hupokea biti ya namba ikiwa imegeuzwa. Njia ya pili ni kujumlisha namba yenye moja kila mahali, yaani 1111, na kuitupa biti inayobebwa nje. Kijumlishi kamili ambacho mlango wake mmoja umefungwa kwenye moja hupungua na kubaki na geti la OR kwa kubeba, na XOR iliyogeuzwa kwa jumla. Njia ya tatu haihitaji saketi mpya hata kidogo: geuza biti zote, ongeza moja, geuza tena. Namba 1000 inakuwa 0111, kisha 1000, kisha 0111. Nane imekuwa saba.

Njia zote tatu zinauliza swali moja. Katika kipunguza-moja, biti hugeuka ikiwa zote zilizo chini yake ni sifuri. Biti ya kwanza hugeuka siku zote. Katika 0110, ya kwanza inakuwa moja. Ya pili inaona sifuri chini yake, inageuka kuwa sifuri. Ya tatu inaona kwamba chini kuna moja, inabaki. Ya nne vile vile, na jibu ni 0101. Neno "moja" limebadilishwa na "sifuri", basi.

Kwa kuwa tofauti ni ndogo hivyo, saketi moja inaweza kufanya kazi zote mbili. Kila nafasi huongezewa geti moja la XOR kabla ya AND, likipokea biti ya namba na waya wa amri M:

```
S_i     = A_i XOR C_i
C_(i+1) = C_i AND (A_i XOR M)
```

M ikiwa sifuri, biti huingia kwenye AND kama ilivyo na saketi huongeza. M ikiwa moja, biti huingia ikiwa imegeuzwa na saketi hupunguza. Mageti ni matatu kwa kila nafasi. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuipeleka biti iliyogeuzwa kwenye XOR ya jumla pia, na hapo jibu zima hutoka limegeuzwa. Kosa hilo litarudi baadaye, safari hiyo likiwa na manufaa.

Ndani ya kichakata cha Intel 8085 saketi ya aina hii ina chumba chake. Karibu na njia ya anwani kuna kifaa cha biti 16 cha kuongeza na kupunguza, kilichotengwa na kitengo cha hesabu. Hicho ndicho husogeza kihesabu-programu kila amri inaposomwa, na ndicho hushusha na kupandisha kielekezi cha rafu kwenye PUSH na POP. Kitengo cha hesabu ni cha biti 8 na kina kazi zake. Kukilazimisha kihesabu pia anwani kungechelewesha kila amri. Utengano huo huonekana hata kwa mwandika programu. Amri INX na DCX, zinazoongeza na kupunguza jozi ya rejista, hazigusi bendera yoyote, kwa sababu bendera ziko upande wa kitengo cha hesabu na namba haikupita huko. Mwanafunzi anayetumia DCX B kisha JNZ moja kwa moja atashangaa kuona kitanzi chake kikiisha mzunguko wa kwanza au kisiishe kabisa, kwani JNZ inasoma bendera iliyoachwa na amri nyingine ya zamani. Inabidi kuuliza kwa mkono kama jozi imefika sifuri:

```
LOOP: DCX B
      MOV A,B
      ORA C
      JNZ LOOP
```

ORA inaunganisha nusu mbili za jozi ndani ya kitengo cha hesabu, na bendera ya sifuri inapata habari. Mistari miwili hiyo ya ziada, iliyojaa katika programu za 8080 na 8085, ni gharama ya kuwa na kiongeza-moja chenye chumba chake.

Kugeuza alama ya namba katika kijalizo cha mbili hufundishwa kama kanuni ya hatua mbili: geuza biti zote, kisha ongeza moja. Sababu yake ni fupi. Namba yoyote ikijumlishwa na mgeuzo wa biti zake, kila nafasi hukutanisha sifuri na moja, na jumla ni moja kila mahali. Katika biti nane hiyo ni 11111111, ambayo katika kijalizo cha mbili ndiyo hasi moja. Kwa hiyo mgeuzo wa x ni hasi x toa moja, na ukiongezwa moja unapatikana hasi x kamili. Wazo la kutumia kijalizo ni la zamani kuliko umeme: mashine ya Blaise Pascal, aliyeianza mwaka 1642, ilikuwa na magurudumu yanayozunguka upande mmoja tu, na kutoa kulifanywa kwa kujumlisha kijalizo cha tisa cha namba. Kijalizo cha tisa kina sifa ile ile ya mgeuzo wa biti, kwamba kila tarakimu hushughulikiwa peke yake bila kubeba. Kazi ya kubeba yote imewekwa kwenye hatua ya kuongeza.

Chukua 20 katika biti nane:

```
20             00010100
mgeuzo         11101011
ongeza moja    11101100
```

Jibu likisomwa bila alama ni 236, yaani 256 toa 20. Likisomwa kwa kijalizo cha mbili ni hasi 20. Saketi inayofuata kanuni hii neno kwa neno ina mageti manane ya NOT mbele ya kiongeza-moja cha biti nane. Inafanya kazi, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini tazama kilichotokea kwenye mfano. Biti tatu za kulia, 100, zimetoka kama zilivyoingia. Zilizo kushoto kwake zote zimegeuka. Hili si bahati ya ishirini. Sifuri za kulia zinapogeuzwa huwa moja, na kuongeza moja huzivuka zote na kuzirudisha kuwa sifuri. Moja ya kwanza kutoka kulia ilikuwa imegeuzwa kuwa sifuri. Inapokea kilichobebwa, inarudi kuwa moja, na kubeba kunakoma. Zilizo juu yake hazifikiwi, zinabaki na mgeuzo wao.

Kwa maneno ya saketi, katika kugeuza alama biti hugeuka ikiwa chini yake kuna angalau biti moja yenye moja. Swali hilo ni la OR, si la AND, na hesabu ya mageti inathibitisha. Biti ya kubeba ilikuwa AND ya biti zilizogeuzwa, ambayo kwa kanuni ya De Morgan ni OR ya biti zenyewe, ikiwa imegeuzwa. Inakutana kwenye XOR na biti iliyogeuzwa, na migeuzo miwili kwenye XOR hufutana. Kinachobaki ni hiki:

```
Y_i     = X_i XOR K_i
K_(i+1) = K_i OR X_i      (K_0 = 0)
```

Mageti ya NOT yote nane yametoweka. Kila nafasi ina XOR moja na OR moja, geti kwa geti sawa na kijumlishi nusu isipokuwa AND imekuwa OR. Saketi hii ni nzuri kuliko ile ya kitabuni, na ajabu ni kwamba haifundishwi mara nyingi, ingawa wengi hutumia kanuni yake wanapogeuza alama kwa kalamu.

Sasa likumbukwe swali la kipunguza-moja: je, zote zilizo chini ni sifuri? Swali la kugeuza alama ni kinyume chake kamili: je, zilizo chini si sifuri tupu? Biti inayogeuka katika kimoja inabaki katika kingine, na inayobaki inageuka. Hivyo kugeuza alama ni kupunguza moja kisha kugeuza biti zote. Ishirini toa moja ni 00010011; mgeuzo wake ni 11101100. Lile kosa la fundi aliyepeleka biti iliyogeuzwa kwenye XOR ya jumla wakati wa kupunguza lilikuwa, bila yeye kujua, saketi ya kugeuza alama. Anayetaka saketi moja ya kuongeza, kupunguza na kugeuza alama huongeza waya wa pili wa amri unaogeuza matokeo, na huuwasha pamoja na M.

Kinachoharibika hapa kwa kawaida ni ile moja ya mwanzo. Ikikosekana katika saketi ya hatua mbili, kila jibu huwa pungufu kwa moja: tano hutoa hasi sita, na sifuri hutoa 11111111. Jaribio la sifuri ndilo la haraka kuliko yote, kwani sifuri haina alama ya kugeuza na lazima itoke sifuri. Inapotoka sawasawa, msururu wa AND umevuka nafasi zote na kutoa biti ya kubeba nje ya upande wa kushoto, jambo ambalo halitokei kwa namba nyingine yoyote. Katika saketi ya OR habari hiyo hiyo iko mwishoni mwa msururu, ila kinyume: OR ya mwisho ni moja kwa kila namba isiyo sifuri.

Iko namba moja zaidi ambayo mgeuzo wa alama hauisogezi. Biti nane hubeba kuanzia hasi 128 hadi 127, na hasi 128 haina mwenza upande wa chanya. Ni 10000000. Msururu wa OR unapita sifuri saba bila kukuta kitu, unafika biti ya alama ukiwa na sifuri, na biti hiyo inabaki moja. Namba imetoka kama ilivyoingia, bado hasi. Saketi haijakosea, jibu 128 haliingii kwenye biti nane. Ili kulitambua, geti moja la AND linatosha: biti ya alama iliyoingia na iliyotoka zikiwa moja zote mbili, nafasi imefurika. Anayehitaji jibu lenyewe aipanue namba kwanza hadi biti tisa kwa kurudia alama, 110000000, na mgeuzo wake utakuwa 010000000, ambayo ni 128.

Amri NEG ya kichakata Z80 hutoa habari hizi mbili kwenye bendera zake. Bendera ya kufurika huwaka pale tu rejista ya A ilikuwa na 80H, na bendera ya C huwaka pale A haikuwa sifuri, ambayo ni kauli ile ile ya OR ya mwisho. Programu za juu zaidi mara nyingi huzitupa. Katika Java, `Math.abs(-2147483648)` hurudisha -2147483648, thamani kamili iliyo hasi, bila onyo lolote. Katika C, kugeuza alama ya namba hiyo ndani ya `int` ya biti 32 ni tendo ambalo lugha haikulipa maana, na kikusanyaji kina ruhusa ya kudhani halitokei. Java toleo la 15 iliongeza `Math.absExact`, ambayo badala ya kurudisha namba hiyo husimamisha kazi kwa kosa la `ArithmeticException`.